Sentensi ya kwanza isiyoomba pole

*Mwalimu, salamu. Ninaishi Goma, kartye ya Himbi. Nimemaliza lisanse ya jiolojia na ninaomba burse ya masta huko Ubelgiji, kuhusu hatari za volkano. Barua ya motivasyo isizidi ukurasa mmoja. Kwanza nilianza na ule msemo wa Mandela kuhusu elimu na silaha, kaka yangu akasema huo ni wa kila mtu. Nikafuta, nikaanza na siku Nyiragongo ilipolipuka 2002, nikiwa na miaka minne, mama amenibeba mgongoni. Akasema hata huo ni wa kila mtu. Sasa barua ninayo, mwanzo sina. Nianze vipi? Nakutumia rasimu yangu.*

Binti yangu, kaka yako amesema kweli mara mbili, ila amekuachia kazi nusu. Kukwambia kwamba mwanzo ni wa kila mtu hakukuonyeshi ulio wako uko wapi. Nimesoma rasimu yako yote, na habari njema ni kwamba mwanzo umeshauandika. Umeuficha tu kwenye aya ya tatu. Nitafika huko.

Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye kamati ndogo ya kuchagua wanafunzi wa kupewa burse. Tulikuwa watu wanne, meza moja, rundo la dosye na termosi ya chai. Mwaka mmoja nikaanza kuchora kistari pembeni mwa daftari langu kila barua ilipoanza na mlima unaowaka. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa na vistari saba. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Sisi wote wa mji huu tuliiona lava ya Januari 2002 ikikata mji katikati hadi ikaingia ziwani, na tuliuona tena mlima Mei 2021. Lakini nilipofika barua ya nane sikukumbuka tena ni nani alibebwa mgongoni, ni nani alikimbilia Gisenyi na ni nani nyumba yake iliungua. Saba wale walikuwa wameniandikia sentensi moja.

Tangu wakati huo nina njia moja ya kupima mwanzo. Msomee mtu asiyejua fani yako sentensi yako ya kwanza, hiyo peke yake, kisha ufunge mdomo. Usieleze. Usikilize neno lake la kwanza. Wapo watakaosema "kweli kabisa." Wapo watakaosema "pole sana." Na wapo, wachache, watakaosema "ikawaje?" au "kwa nini?" Unayemtafuta ni huyo wa tatu. Wale wawili wa kwanza wanakuambia, kwa adabu, kwamba wamemaliza kusikiliza.

Tuanze na "kweli kabisa," maana ndilo jibu la msemo wa Mandela, na ndilo jibu la methali pia. Nataja methali kwa sababu najua ukishafuta Mandela utashawishika kuweka "Elimu ni bahari" mahali pake, ukidhani cha nyumbani si nukuu. Ni nukuu, tena ni nukuu nzito zaidi. Angalia jinsi wazee wetu wanavyoitumia methali. Mzee kwenye kikao anasema "haba na haba," halafu anatua, na kikao kizima kinamalizia "hujaza kibaba." Utamu uko kwenye kule kumalizia. Methali ni maneno ambayo msikilizaji anayo tayari, na msemaji anamwomba tu ayatoe. Kwenye kikao hilo linawaunganisha watu. Kwenye barua, msomaji anamalizia peke yake kichwani, anatikisa kichwa, na hujampa kitu ambacho hakuwa nacho kabla ya kufungua bahasha. Umetumia mstari wako wa thamani kuliko yote kumkumbusha anachokijua.

Msemo wa mtu mashuhuri una ubaya wa ziada. Unamweka mtu mkubwa mlangoni, na wewe unaingia nyuma yake ukionekana mdogo. Sentensi ya pili baada ya nukuu karibu kila mara huanza na "Maneno haya yananigusa kwa sababu…" yaani sentensi mbili zimepita na bado mwombaji hajafanya kitu isipokuwa kuguswa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana kama wewe, nilianza barua ya kuomba nafasi ya masomo na methali ya Kishi, nimeiandika kwa lugha yake, nikaitafsiri, nikaifafanua. Methali ilikula aya nzima. Nilikataliwa, na rafiki aliyeisoma baadaye aliniambia, "Nimejifunza mengi juu ya wazee wa Walungu, juu yako sikujifunza kitu."

Sasa "pole sana." Hapa sitaki unielewe vibaya. Sisemi mateso ya mji wetu si ya kweli, wala kwamba ni aibu kuyataja. Ninachosema ni kuhusu kazi ambayo tukio lile linafanya pale lilipokaa. Ulikuwa na miaka minne. Hukuona lava, uliiona migongo ya watu. Uliyoandika kwenye rasimu, kwamba anga lilikuwa jekundu na ardhi ilikuwa inanguruma, ni masimulizi ya mama yako ambayo yamekaa nyumbani kwenu mpaka yakawa kama kumbukumbu yako. Msomaji mzoefu analihisi hilo. Anahisi pia kwamba katika tukio zima wewe hukufanya kitu, ulibebwa. Na barua ya masta inaulizwa jambo moja: huyu mtu akipewa swali, hufanya nini?

Halafu kuna daraja. Aya yako ya kwanza inaishia 2002, ya pili inaanzia chuo kikuu. Katikati kuna karibu miaka kumi na mitano, na umeivusha kwa maneno "tangu siku hiyo niliamua kuielewa volkano." Binti yangu, kwenye ujumbe wako wa pili umeniandikia kwamba uliingia jiolojia kwa sababu nafasi za udaktari zilikuwa zimejaa, na ukaipenda jiolojia mwaka wa pili ulipoanza kwenda pori. Sasa ipi ni kweli? Huo mwanzo wa utotoni haukuwa wa kawaida tu, ulikulazimisha kusema uongo mdogo ili sentensi zishikamane. Hiyo ndiyo dalili yangu kubwa ya mwanzo mbaya: ukiona inabidi ubuni uamuzi ambao hukuufanya ili utoke aya ya kwanza uingie ya pili, ondoa aya ya kwanza.

Mwaka 2002 unaweza kubaki kwenye barua, ukipenda, lakini kama maelezo ya kitu kingine. Kama nyumba iliungua na ukachelewa kuanza shule, na tarehe za vyeti vyako zinaonyesha pengo, sema hivyo kwa nusu sentensi kwenye aya ya masomo. Hapo msomaji anaihitaji habari hiyo. Mlangoni haihitaji.

Twende kwenye aya yako ya tatu. Umeandika, kuhusu mashimo yale ya gesi: "Kwa memware yangu nilipima gesi katika mazuku ya upande wa Bulengo kwa muda wa wiki sita, asubuhi na mchana, na nilipata tofauti kubwa za viwango." Ukapita. Ukaendelea na alama zako za mwaka wa mwisho. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini na kusema, kwa sauti, "tofauti gani?" Yaani "ikawaje?" ilinitoka yenyewe, kwenye sentensi ambayo wewe uliiona ya kupitia tu.

Kwa hiyo nilikupigia simu, unakumbuka, nikakuuliza nini hasa kilitokea. Uliyonieleza kwa dakika tano yalikuwa bora kuliko ukurasa wako mzima. Kwamba shimo moja dogo, karibu na njia ya kwenda ziwani, alfajiri kipimo chako ukikishusha usawa wa kifundo cha mguu kilikuwa kinafika kikomo chake na kugoma kupanda zaidi. Kwamba mchana, jua likiwa limepanda na upepo wa ziwa umeanza, shimo lilelile lilisoma karibu sawa na hewa ya kawaida. Kwamba mwanamke aliyekuwa amehamia karibu na hapo na watoto wake alikuuliza, "Hapa ni pabaya au si pabaya?" na wewe ulikosa jibu la neno moja.

Hilo ndilo fundo. Nikisema fundo nina maana ya mambo mawili ya kweli ambayo hayakai vizuri pamoja mpaka mtu ayaeleze. Shimo ni hatari, shimo si hatari. Kipimo ni kilekile, mahali ni palepale. Sentensi ya kwanza inayovuta haihitaji moto wala machozi, inahitaji fundo, na mtu anayelishika fundo hilo mkononi awe wewe. Waombaji wengi wanadhani hawana. Wanalo, ila wamelizoea. Kwa kawaida limejificha pale walipoandika maneno kama "tofauti kubwa," "changamoto mbalimbali," "matokeo ya kuvutia." Maneno hayo ni kama kitambaa kilichofunika sufuria. Pita na kalamu kwenye rasimu, na kila ulipoandika hivyo jiulize: tofauti kati ya nini na nini? Changamoto gani, siku gani, nani alisema nini?

Sasa tuiandike. Nitakuonyesha majaribio mabovu pia, maana sentensi ya kwanza haiji mara ya kwanza.

Jaribio la kwanza ulilonitumia baada ya simu lilikuwa hili: "Mazuku ni mashimo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya na kuhatarisha maisha ya watu na wanyama." Kila neno ni sahihi. Ila huu ni ufafanuzi wa kamusi, na wale watakaoisoma dosye yako ni watu wa volkano. Wanalijua neno mazuku. Wanajiolojia wa nchi nyingine wanaliandika hivyohivyo kwenye makala zao, kwa Kiswahili, bila kulitafsiri. Kuwafafanulia ni kumfundisha samaki kuogelea. Na hata msomaji asiyelijua neno angesema "kweli kabisa," basi.

Jaribio la pili: "Sikujua kwamba asubuhi ile shimo dogo karibu na ziwa lingebadilisha maisha yangu yote." Hapa umeogopa ufafanuzi ukakimbilia tarumbeta. Sentensi hii inajifanya ina siri, lakini ukiitikisa haina kitu ndani: shimo gani, nini kilitokea? Mficha mambo anayewachosha watu kwenye ngano ni huyuhuyu. Fundo si kumnyima msomaji habari. Ni kumpa habari mbili kamili zinazogongana. Na maneno "maisha yangu yote" yanamwahidi deni ambalo ukurasa mmoja hautalipa.

Jaribio la tatu: "Wakati wa memware yangu ya lisanse katika jiolojia, nikiwa na kipimo cha mkononi cha gesi, katika mashimo kumi na moja ya upande wa magharibi wa Goma, kwa wiki sita, nilibaini kwamba viwango vya alfajiri vilizidi sana vya mchana kutokana na utulivu wa hewa usiku." Hapa sasa kitu kipo, ila umepakia kama cukudu inayoshuka na magunia ya makaa: kila kitu kimefungwa juu yake na haionekani inakwenda wapi. Zaidi ya hapo, umefungua fundo mwenyewe mwishoni mwa sentensi. "Kutokana na utulivu wa hewa usiku" ni jibu, na jibu likitolewa kabla msomaji hajauliza, halina ladha.

Jaribio la nne, ambalo tulilifikia pamoja: "Saa kumi na mbili asubuhi kipimo changu kilifika kikomo ndani ya shimo ambalo, saa sita mchana, kilisoma hewa ya kawaida."

Msomee mama anayeuza sambaza sokoni, atakuuliza kwa nini. Nilimsomea mke wangu, ambaye ni mshonaji, akasema: "Basi kipimo chako kibovu." Nikafurahi sana. Hilo ndilo wazo la kwanza ambalo hata mtaalamu angelifikiria, na sentensi yako ya pili inapaswa kulikuta tayari.

Tazama ilivyojengwa. Haina jina la gesi, haina mahali, haina shahada yako. Vyote hivyo vinaweza kusubiri sekunde kumi. Kilichobaki ni saa mbili, shimo moja na kipimo ambacho ni "changu." Neno hilo dogo ndilo linalokuweka wewe ndani ya sentensi bila kusema "mimi ni mtu mwenye bidii." Kitenzi ni cha tukio lililotokea, "kilifika," si "hufika" wala "huweza kufika." Kiambishi hu- ni kizuri kwa sheria na desturi, lakini mwanzo wa barua unataka siku moja. Tena haikutaja kifo. Ungeweza kuweka mbuzi aliyekufa, na kwa kweli mbuzi hufa humo, kwa kuwa gesi inalala chini na kichwa cha mnyama kiko chini. Ila mbuzi mfu angekuletea "pole" tena kwa mlango wa nyuma.

Sentensi ya pili inabeba mzigo kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza ikishaleta swali, ya pili ikikimbia kwenda kwenye "Naitwa fulani, nimezaliwa Goma," umemfungulia mgeni mlango kisha ukaufunga usoni pake. Inapaswa kwenda hatua moja mbele kwenye jambo lilelile. Aya yako nzima ingeweza kuwa hivi:

"Saa kumi na mbili asubuhi kipimo changu kilifika kikomo ndani ya shimo ambalo, saa sita mchana, kilisoma hewa ya kawaida. Nilidhani kimeharibika, nikaazima kingine, kikarudia yaleyale kwa siku nne. Usiku usio na upepo, gesi inayopanda kutoka kwenye nyufa hulala humo kama maji kwenye beseni, na upepo wa ziwa huja kuimwaga mchana. Mwanamke aliyehamia karibu na shimo aliniuliza kama hapo ni pabaya, na jibu langu la kweli lilikuwa: inategemea saa. Kibao cha hatari hakiandiki saa. Ninaomba masta hii ili nijifunze kupima na kutabiri tofauti hiyo, maana kwa kipimo cha mkononi na wiki sita niliweza kuiona tu."

Maneno yasiyofika mia, na tayari msomaji anajua umepima nini, ulipopata jambo la ajabu ulilishuku kwanza, unaongea na watu unaowapimia, unajua ukomo wa kazi yako, na kwa nini unahitaji masomo haya na si mengine. Hakuna sifa hata moja uliyojipa. Angalia pia kwamba aya imekufikisha kwenye ombi bila daraja la miaka kumi na mitano. Swali lililobaki shimoni ndilo swali unalolipeleka Ubelgiji.

Jambo moja ninakusisitizia hapa. Mwanzo wa namna hii utaulizwa. Ukiitwa kwa mahojiano, mtu wa kwanza atakuuliza kikomo cha kipimo chako ni asilimia ngapi, ulikishusha urefu gani kutoka chini, ulijuaje kwamba cha pili nacho hakikuwa na kasoro. Kwa hiyo usiongeze chumvi. Kama zilikuwa siku tatu, andika tatu. Kama mchana kilisoma juu kidogo ya hewa ya kawaida, ambayo ni kama asilimia 0.04 tu, andika "karibu na hewa ya kawaida," na sentensi haitapungua uzito. Nimeona mwombaji mmoja aliyeanza vizuri sana, kisha akashindwa kwenye maswali kwa sababu namba ya mwanzo ilikuwa imepanda mara mbili ikiwa njiani kutoka daftarini hadi kwenye barua.

Kuna mianzo mingine miwili inayozunguka mji huu, nitaitaja upesi. Ya swali, "Je, umewahi kujiuliza…": msomaji akijibu "hapana," mmeachana. Na ile ya heshima na taadhima, "Ni kwa furaha kubwa na unyenyekevu ninachukua kalamu hii." Hii ya pili naielewa. Sisi tumelelewa kwamba huingii kwa mtu ukaanza na shida yako. Unabisha hodi, unauliza za nyumbani, watoto, kazi, ndipo unasema. Lakini barua ina hodi yake tayari: ni ule mstari wa juu unaowasalimu wanakamati. Ukishausema, umekaribishwa, kiti umepewa. Kuendelea kupiga hodi ukiwa umeshakaa kunamfanya mwenyeji ajiulize umekuja kwa nini.

Njia hii ina mipaka yake. Maombi mengine hayakupi nafasi ya kufungua kwa kisa. Wale wanaoomba shahada ya kwanza Uingereza kupitia mfumo wa maombi wa UCAS, kwa mfano, walizoea kuandika insha moja ya herufi 4,000, lakini kuanzia wanaoingia chuo 2026 insha hiyo imegawanywa kuwa maswali matatu, na la kwanza linauliza moja kwa moja kwa nini unataka somo hilo. Hapo fundo lako libaki, ila jibu lifike kwenye sentensi ya pili, siyo ya sita. Na fomu ikikuambia "eleza mradi wako wa masomo," anza na mradi. Kisa cha shimo kitaingia kama ushahidi. Barua yako wewe ni ukurasa huru, ndiyo maana nimekuacha ufungue nacho.

Mdogo wako uliyemtaja, anayeomba uhasibu, asije akadhani kwamba hana fundo kwa kuwa hana volkano. Mwambie afungue daftari la duka la shangazi yenu. Uliniambia mwezi mmoja fedha zilizidi mauzo badala ya kupungua, na ikamchukua Jumapili nzima kugundua kwamba muuzaji alikuwa anaandika faranga na dola kwenye safu moja. "Mwezi wa tisa duka la shangazi liliingiza fedha nyingi kuliko bidhaa lilizouza." Mhasibu yeyote akisoma hivyo, kalamu itasimama.

Kuhusu lugha: barua itakwenda kwa Kifaransa, lakini sentensi ya kwanza itunge kwa mdomo, kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia dada yako kwenye simu, kisha ndipo uigeuze. Ukianza kwa Kifaransa cha chuo, mkono utakwenda wenyewe kwenye "katika muktadha wa" na "tangu utoto wangu mdogo." Kwenye kugeuza, neno mazuku liache lilivyo, liweke kwenye sentensi ya tatu pale gesi inapotajwa. Na uangalie saa, maana mwanafunzi mmoja wangu alijikwaa hapo: saa yetu ya kumi na mbili asubuhi kwao ni ya sita, na ya sita mchana kwao ni ya kumi na mbili. Ukizigeuza neno kwa neno, shimo lako litajaa gesi adhuhuri na kuwa safi alfajiri, na profesa wa Ubelgiji atakubaliana na mke wangu kwamba kipimo ni kibovu.